Studio pepe inayohamahama: kutafuta kosa lilipo

Mtangazaji ni yuleyule, meza ni ileile, lakini ukitazama sehemu ya kwanza ya kipindi kisha ukaruka hadi ya tatu, kabati la vitabu limetoka kushoto limekwenda kulia, ukuta uliokuwa wa samawati umekuwa na ukijani, na taa ya pembeni haipo. Mtazamaji hawezi kukwambia kilichobadilika, ila anahisi amekaribishwa kwenye nyumba nyingine. Natengeneza mandhari za namna hii mara kwa mara, na makosa mengi ninayoombwa kurekebisha hutoka mahali pachache tu. Hapa nazungumzia hali moja: mtangazaji amerekodiwa mbele ya kitambaa cha kijani, na studio iliyo nyuma yake imetengenezwa na programu inayogeuza maandishi kuwa picha, kisha picha hiyo inatumika sehemu baada ya sehemu.

Kabla hujagusa neno lolote la maelezo unayoipa programu, simamisha video ya sehemu mbili zinazopishana na uziweke ubavuni kwa ubavu. Jiulize kimoja tu: ni vitu vilivyohama, ni rangi zilizobadilika, au ni mtangazaji anayeonekana kama amebandikwa? Kila jibu lina chanzo chake. Wengi hukimbilia kuandika maelezo upya hata kama kosa limo kwenye taa ya chumbani kwao, na kwa kufanya hivyo wanapoteza seti waliyokuwa nayo.

Vitu vinahama, vinapotea au vinaongezeka

Niliwahi kuletewa kipindi cha mapitio ya vitabu chenye shida hii. Maelezo ya studio yalikuwa sentensi moja: "Studio nzuri ya kisasa yenye vitabu, taa za kupendeza na rangi tulivu." Kila wiki sentensi ile ilibandikwa kwenye programu, picha ikatoka, ikawekwa nyuma ya mtangazaji. Wiki ya kwanza kulikuwa na dirisha. Wiki ya pili dirisha halikuwepo, vitabu vikajaa ukuta mzima. Wiki ya tatu kukawa na makochi mawili ambayo hakuna aliyeyataja.

Hapo kuna vyanzo viwili vilivyoshikana, na lazima uvitenganishe.

Cha kwanza ni maneno yenyewe. "Nzuri", "ya kisasa" na "ya kupendeza" ni hisia, si vitu. Fundi seremala ukimwambia akutengenezee "kitu kizuri" atakuuliza: meza au kabati? Programu haiulizi. Inajaza pengo kwa kitu chochote kinachofaa, na kesho inajaza kwa kingine. Kila pengo utakaloliacha kwenye maelezo ni mahali ambapo seti itabadilika.

Cha pili ni tabia ya kutengeneza picha mpya kila wiki. Programu nyingi za aina hii huanza na picha ya chengachenga, kama zile za televisheni isiyo na mawimbi, kisha huzisafisha hatua kwa hatua hadi umbo litokee. Chengachenga za mwanzo hutokana na namba, ambayo kwenye skrini huandikwa `seed`. Maneno yaleyale yakikutana na namba nyingine yanakupa chumba kingine. Hata ukiishika namba, ukibadilisha neno moja, vipimo vya picha au toleo la programu, mpangilio unaweza kuhama. Kwa hiyo namba ya `seed` inasaidia siku ile unapotafuta picha inayokufaa, lakini usiitegemee ikutunzie studio kwa miezi.

Ukitaka kujua kati ya hivyo viwili kipi kinakusumbua, tengeneza picha nne mfululizo kwa maelezo yaleyale, kila moja na `seed` yake. Kama zote nne zina vitu vilevile mahali palepale, na tofauti ni mikunjo ya kitambaa na mpangilio wa vitabu, maelezo yako ni mazima. Kosa ni kutengeneza upya. Kama kila picha ni chumba tofauti, rudi kwenye maneno.

Kile kipindi cha vitabu tulikirekebisha kwa maelezo haya:

```
Chumba kitupu, kinaonekana kutoka mbele. Ukuta wa nyuma bapa,
samawati iliyokolea, usiong'aa.
Upande wa kushoto wa picha: kabati moja la vitabu la mbao ya kahawia,
rafu nne, limechukua theluthi ya upana wa picha.
Katikati: ukuta mtupu.
Upande wa kulia wa picha: kiti kimoja chenye mikono, cha haradali;
nyuma yake taa ya kusimama yenye kofia nyeupe, imewashwa.
Mwanga laini kutoka juu kushoto, vivuli vinaanguka kulia.
Kamera imenyooka, kimo cha macho ya mtu aliyeketi.
```

Angalia kilichofanyika. Kila samani ina mahali pake, idadi yake, kitu ilichotengenezwa nacho na rangi yake. Katikati pameachwa patupu kwa makusudi, maana hapo ndipo mtangazaji atakapokaa. Ukiacha kusema, programu itaweka hapo picha ya ukutani, na fremu yake itaota kichwani mwa mtangazaji kama pembe. Idadi ziwe ndogo. Programu hizi mara nyingi huhesabu vibaya, na ukiomba vitabu kumi na viwili unaweza kupata tisa au ishirini. "Rafu nne" unaweza kuzipata baada ya majaribio machache. Idadi inayozidi hapo usiijengee matumaini.

Tulitengeneza picha kadhaa, tukachagua moja, na hiyo ndiyo ikawa picha mama. Kuanzia siku hiyo maandishi hayakutengeneza tena studio nzima. Faili la PNG lilihifadhiwa likiwa na jina la kipindi na namba ya toleo, na kila sehemu ilichota faili hilohilo. Jambo hili ndilo linalomaliza tatizo la vitu kuhama, na ni ajabu jinsi watu wanavyolikwepa, wakidhani maelezo yakiwa mazuri vya kutosha yatarudisha chumba kilekile kila wakati. Hayatarudisha. Maelezo hujenga seti mara moja. Baada ya hapo picha ndiyo seti, na maelezo yanabaki kuwa kumbukumbu ya kilichomo, kwa ajili ya siku utakapohitaji kurekebisha kipande.

Kitu kimekaa upande usio wake

Uliandika kabati liwe kushoto, likatokea kulia. Mara nyingi kosa ni neno "kushoto" peke yake. Kushoto kwa nani? Mtangazaji anapotutazama, kushoto kwake ni kulia kwa mtazamaji. Mtu anayeandika akiwa amejiweka kwenye kiti cha mtangazaji hupata studio iliyogeuzwa. Ndiyo maana kwenye maelezo ya juu nimeandika "upande wa kushoto wa picha", nikalirudia hivyohivyo kwa upande wa kulia.

Chanzo kingine ni kamera. Programu nyingi za kurekodia humwonyesha mtangazaji kama kwenye kioo ili asichanganyikiwe, na baadhi zina kitufe kinachohifadhi video ikiwa imegeuzwa hivyo. Mwangalie kwenye video iliyohifadhiwa: maandishi ya nguo yake au kifungo cha shati kikiwa upande usio wake, video ndiyo iliyogeuka. Usiguse mandhari.

Kitu ulichokikataza kinazidi kuja

Umeandika "pasiwe na mmea", na mmea upo. Programu nyingi zinashika neno "mmea" kuliko neno "pasiwe". Taja kilichopo badala ya kisichopo: "kona tupu, sakafu inaonekana". Nimeandika "chumba kitupu" badala ya "bila watu" kwa sababu hiyohiyo. Kama programu yako ina kisanduku maalumu cha vitu usivyovitaka, kwa kawaida kinaitwa `Negative prompt`, mmea uandike humo peke yake, bila kukanusha.

Kitu cha mwisho kwenye maelezo hakitokei kabisa

Kuna programu zenye kikomo cha maneno zinayoyasoma. Stable Diffusion 1.5, kwa mfano, hukata maandishi katika vipande vidogo na mfumo wake wa kusoma hupokea vipande 77 tu kwa wakati mmoja. Vingine huachwa, au hugawanywa mafungu kutegemea programu unayoitumia kuiendesha. Kipande si lazima kiwe neno zima. Neno la Kiswahili mara nyingi huvunjwa vipande kadhaa, kwa hiyo maelezo yetu hujaza kikomo upesi kuliko tunavyodhani. Jaribio lake ni rahisi: ihamishe sentensi ya taa kutoka mwisho uilete mwanzo. Taa ikitokea na kitu kingine kikapotea mwishoni, umepata jibu. Punguza maelezo, ukianza na sifa zisizoonekana kwa macho.

Ikiwa taa haitokei hata ikiwa mwanzoni, huenda neno lako halieleweki. Andika neno hilo peke yake, "taa ya kusimama" tu, uone kinachotoka. Programu kadhaa zilifundishwa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza, na neno tunalolielewa sote hapa huwa kelele tupu kwao. Basi neno hilo moja liandike kwa lugha ambayo programu inaijua, ila kwenye kumbukumbu zako liache kwa Kiswahili ili timu nzima ielewane.

Rangi zinavuja

Kiti kiwe cha haradali, lakini haradali imepanda ukutani na kupaka migongo ya vitabu. Hii hutokea rangi zikiwa nyingi, au neno la rangi likiwa mbali na kitu chake. "Kabati, kiti na ukuta, kwa rangi za haradali, kahawia na samawati" ni mwaliko wa kuvuja. Iweke kila rangi mgongoni mwa kitu chake na ukomee rangi tatu: moja ya eneo kubwa, moja ya mbao, moja ya kitu kimoja kidogo. Mimi ile ya tatu siipi zaidi ya kitu kimoja, kwa sababu jicho la mtazamaji huikimbilia na linatakiwa limrudie mtangazaji.

Usijaribu kubana rangi kwa kuandika msimbo wake ndani ya maelezo. Programu nyingi zikisoma `#22384F` hazitakupa rangi hiyo hasa. Zinaelewa "samawati iliyokolea" kwa ukaribu zaidi. Msimbo una kazi yake baada ya picha kutoka. Fungua picha mama kwenye programu ya kuhariri, chukua kifaa cha kunyonya rangi, bofya sehemu tatu: ukuta katikati, ubavu wa kabati, mgongo wa kiti. Rekebisha picha hadi ziwe unavyotaka, kisha andika misimbo hiyo mitatu pamoja na mahali ulipobofya.

Kipimo hicho kitakuokoa baadaye. Mtu akilalamika kwamba ukuta wa sehemu ya tano umebadilika, bofya mahali palepale kwenye picha mama, kisha kwenye video iliyokamilika. Tofauti ndogo ya nukta chache ni ya kawaida, kwa sababu video hubanwa. Lakini kama picha mama ni ileile na ukuta wa kwenye video umeelekea kijani, maelezo hayana hatia. Kuna mtu ameweka kichujio cha rangi juu ya tabaka zote ili kuing'arisha ngozi ya mtangazaji, na kichujio kimeshuka hadi ukutani. Kifunge kwenye tabaka la mtangazaji peke yake.

Mtangazaji anaonekana amebandikwa

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wengi huandika maelezo mapya bure, kwa sababu kosa limo nusu kwenye picha na nusu kwenye chumba cha kurekodia.

Anza na kivuli cha pua. Simamisha video, ikuze, utazame kivuli cha pua kinaangukia upande gani. Kisha tazama rafu za kabati: vivuli vyake vinaangukia wapi? Vikipingana, mtazamaji atajua kuna uongo hata kama hawezi kuueleza. Maelezo yetu yalisema mwanga unatoka juu kushoto kwa picha. Basi taa kuu ya mtangazaji nayo iwe kushoto kwa picha na juu ya kimo cha kichwa chake. Kusogeza taa ya kweli ni kazi ya dakika moja. Kutengeneza studio upya ili ifuate taa iliyowekwa vibaya ni kuipoteza picha mama.

Kwenye kipindi cha vitabu tuliilinganisha taa kuu, lakini mtangazaji akabaki amebandikwa. Ilituchukua muda kuona kwa nini. Kulia kwa picha kulikuwa na ile taa ya kusimama iliyowashwa. Taa ikionekana inawaka, inatoa ahadi: kuna mwanga wa rangi ya moto unaotoka hapa. Ukuta ulio nyuma yake ulikuwa umeupokea mwanga huo, na mkono wa kiti pia, lakini bega la mtangazaji lililo upande huohuo lilikuwa baridi kabisa. Tuliweka taa ndogo nyuma yake kulia, yenye rangi ya joto ya kama kelvini 3200, dhaifu, ikigusa ukingo wa bega na nywele tu. Taa kuu ilibaki kwenye 5600, nyeupe kama mwanga wa mchana. Ule mstari mwembamba wa dhahabu begani ndio uliomketisha ndani ya chumba. Tangu siku hiyo, kila taa ninayoiandika ikiwa imewashwa naiandikia na taa mwenzake kwenye orodha ya vifaa vya kurekodia. Kama taa hiyo huna, andika "imezimwa".

Baada ya mwanga, angalia upeo wa macho. Chochote kilicho kwenye kimo cha kamera huangukia kwenye mstari wa upeo wa picha. Kwa hiyo kama kamera yako ilikuwa sawa na macho ya mtangazaji, mstari wa upeo wa studio nao upite machoni pake. Kuupata, chukua mistari miwili ya vitu vinavyoelekea ndani, mfano kingo za juu na za chini za ubavu wa kabati, uirefushe hadi ikutane. Mstari wa kulala unaopita hapo ndio upeo. Ukipita kifuani mwa mtangazaji, ataonekana jitu. Ukipita juu ya kichwa chake, ataonekana mtoto. Ponyo ni kuisogeza picha mama juu au chini, au kumpunguza na kumkuza mtangazaji, mpaka mstari ufike machoni. Kisha funga vipimo hivyo kwenye programu ya kuhariri na utumie mradi huohuo kama kiolezo, maana kumweka kwa kukadiria kila wiki ni chanzo kingine cha studio "kubadilika".

Ukungu wa nyuma usiuombe kwenye maelezo. Picha mama iwe kali kote, kisha weka ukungu kwenye programu ya kuhariri kwa kiwango kimoja kilichoandikwa. Ukungu uliochorwa ndani ya picha hauondoki, na siku utakapotaka kumrekodi mtangazaji kwa karibu zaidi hautalingana.

Picha ya karibu inatoka hafifu

Kama video yako ni 1920 kwa 1080 na picha mama ni ukubwa huohuo, ukikata nusu yake kwa ajili ya picha ya karibu unaivuta kila pikseli mara mbili. Ikuze picha mama mara moja hadi 3840 kwa 2160, uikague upya, hasa migongo ya vitabu na kingo za kofia ya taa, kwa kuwa vifaa vya kukuza picha hupenda kubuni vitu vidogo. Kisha hiyo ndiyo iwe picha mama.

Kuhusu kuiona studio kutoka ubavuni, sema ukweli mapema kwa anayekuagiza. Maandishi hayawezi kukupa chumba kilekile kikitazamwa kutoka pembe nyingine. Utapata binamu yake. Kama kipindi kinahitaji kamera mbili zenye pembe tofauti, seti ijengwe kwa programu ya vipimo vitatu, yaani 3D, na maelezo yako yawe ramani ya anayeijenga.

Maandishi ya ukutani hayasomeki

Jina la kipindi usiliombe kwenye picha. Andika "skrini tupu ya kijivu ukutani", kisha jina liweke mwenyewe kwenye programu ya kuhariri, kama tabaka lake.

Unataka kubadilisha kitu kimoja tu

Sehemu maalumu ya kipindi inahitaji chombo cha maua kwenye rafu ya pili. Usiguse maelezo makuu. Fungua picha mama, funika kwa brashi eneo la rafu ile peke yake, na uandike maelezo ya kipande hicho: "chombo kimoja cha udongo, maua meupe, mwanga kutoka juu kushoto". Upande wa mwanga utaje tena, kwa sababu programu inaweza kuchora kipande kipya bila kufuata vivuli vya sehemu nyingine za chumba. Hifadhi kama faili jipya, picha mama iachwe ilivyo. Kisha weka faili jipya juu ya la zamani, uwashe na kuzima tabaka la juu mara kadhaa. Kinachotakiwa kucheza machoni ni chombo cha maua tu. Kiti kikitikisika, brashi yako ilivuka mpaka.